"Asante fundi, Mungu akubariki" haiuzi pampu. Kisa kimoja chenye namba nne kinauza

Leo naongea na mafundi wanaofunga pampu za umwagiliaji na kutafuta wateja mtandaoni. Ila hata wewe unayeuza kitu kingine cha bei kubwa, kaa hapa usome.

Nimepita kwenye kurasa nyingi za mafundi pampu na zote zinafanana. Skrinishoti ya WhatsApp, jina limefutwa kwa rangi nyeusi, ujumbe unasema: "Asante sana fundi kazi nzuri pampu inapiga maji hatari Mungu akubariki." Chini yake kuna mioyo na moto, halafu namba ya simu. Kesho skrinishoti nyingine ileile.

Msimamo wangu ni huu: skrinishoti 30 za namna hiyo hazifikii kisa kimoja kifupi cha mteja mmoja, chenye namba nne na tatizo moja lililosemwa wazi. Wala simaanishi kwamba shuhuda zako ni za uongo. Ni za kweli kabisa, ila hazijibu swali hata moja ambalo mkulima anajiuliza kabla hajatoa hela.

Fikiria mkulima mwenye kisima cha kuchimba kwa mkono. Anataka kuacha pampu ya petroli, ahamie sola. Anajiuliza: kisima changu kina kina hiki, itavuta? Itatosha nusu ekari yangu? Jua likiwa hafifu je? Hela yangu inarudi lini? Huyu mtu pengine anauza ng'ombe au anachukua mkopo wa kikundi ili akulipe. "Inapiga maji hatari" haimsaidii. Akikosa majibu anaandika "bei gani?", unamjibu, ananyamaza. Unabaki unasema wateja wa mtandaoni ni wasumbufu.

Sasa tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Namba nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, lakini mazingira ni ya kawaida kabisa. Tuseme fundi anafunga pampu za sola ukanda wa Ruaha Mbuyuni, kule Kilolo mkoani Iringa, kwenye vitunguu. Mteja wake ni mama mmoja mwenye nusu ekari. Miezi kadhaa baada ya kufungiwa, mama anatuma ujumbe:

"Mwanangu asante sana kwa pampu. Sasa hivi hata mimi nalala usingizi. Ubarikiwe."

Fundi wengi wangekata skrinishoti hapo hapo na kuposti. Mimi nasema simama kwanza.

Tafuta neno linaloshangaza, kisha uulize

Soma tena ule ujumbe. "Asante" na "ubarikiwe" kila mtu anaandika. Lakini "nalala usingizi"? Pampu na usingizi vinakutana wapi? Neno la namna hiyo ndilo limebeba kisa chote. Mpigie simu. Usimtumie orodha ya maswali kwa maandishi, watu wa shamba hawana muda wa kuandika insha. Piga jioni akiwa ametulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Nimeona ujumbe wako, nimefurahi. Ila umesema sasa hivi unalala usingizi. Kwani kabla ilikuwaje?"

"Aah, si yule mjukuu wangu. Kiangazi maji yakishuka ile pampu ya petroli ilikuwa haivuti. Basi anaishusha mle kisimani kwenye kingazi tulichochimba, anaiwashia hukohuko ndani. Siku moja alitoka anapepesuka, kichwa kinamuuma, anatapika. Toka siku hiyo akishuka mle moyo unanidunda."

Umeona? Ujumbe wa asante ulikuwa umeficha jambo la kufa na kupona. Na lina sababu ya kitaalamu ambayo fundi anaijua. Pampu ya petroli inayokaa juu inavuta maji kwa kunyonya, na unyonyaji una mwisho wake. Kimahesabu hauwezi kupita mita 10, na shambani ukifika mita 7 hivi pampu inaanza kuhangaika. Maji yakishuka zaidi ya hapo, watu wanaisogeza pampu chini kuyafuata. Injini ikiunguruma ndani ya shimo, moshi wake unajaa, na ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina rangi wala harufu. Mtu anaishiwa nguvu kabla hajajua kinachomtokea. Anayeshuka kumwokoa naye anabaki kulekule.

Sasa niambie, ukanda mzima huo ni wakulima wangapi wanashusha injini kisimani kila Septemba? Hao wote wakisoma kisa hiki wanajiona wenyewe. Skrinishoti ya "nalala usingizi" isingewafikia.

Mkiwa bado kwenye simu, ongeza maswali manne tu. Usiulize "umefurahi?", kwa sababu jibu unalijua. Uliza hivi:

1. Wiki moja ya kumwagilia kabla sijaja, ulikuwa unanunua petroli lita ngapi?
2. Nani alikuwa anamwagilia, na sasa ni nani?
3. Tangu nimefunga, kitu gani kimekusumbua?
4. Jirani yako akitaka pampu kama hii, ungemwambia aangalie nini kabla ya kulipa?

Swali la tatu mafundi wanaliogopa. Nitalirudia.

Namba nne, na unazipata kwa ndoo na kamba

Namba ya kwanza ni kina cha maji. Chukua kamba, funga jiwe, shusha mpaka liguse maji, kisha pima kamba mpaka usawa wa ardhi. Pima mara mbili, baada ya masika na mwisho wa kiangazi. Kwa mama yetu, tuseme Mei maji yapo mita 6 na Oktoba yapo mita 9. Fundi anayetaja namba moja tu ya mwezi mzuri anamdanganya msomaji hata kama hakukusudia, kwa sababu mkulima anaumia Oktoba, si Mei.

Namba ya pili ni kiasi cha maji. Usichukue namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu. Ile ni ya hali nzuri kuliko zote. Chukua ndoo ya lita 20, weka mwisho wa bomba pale maji yanapotumika, washa saa ya simu, hesabu sekunde mpaka ijae. Halafu gawanya 72,000 kwa sekunde hizo, unapata lita kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 24, hiyo ni lita 3,000 kwa saa.

Lakini pampu ya sola haina kasi moja siku nzima, kwa hiyo pima mara tatu. Tuseme saa tatu asubuhi ndoo imejaa kwa sekunde 48, sawa na lita 1,500 kwa saa. Saa sita mchana sekunde 24, lita 3,000. Saa kumi jioni sekunde 45, lita 1,600. Wastani ni kama lita 2,000 kwa saa. Kuanzia saa tatu mpaka saa kumi ni saa saba, basi ni kama lita 14,000 kwa siku ya jua zuri. Fundi anayeandika "lita 3,000 kwa saa" na kunyamaza ametaja ile ya saa sita peke yake.

Namba ya tatu ni eneo, na hapa ndipo uongo unapokamatwa. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga za kiangazi kwenye joto zinaweza kutaka kama milimita 5 kwa siku. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000, kwa hiyo inataka kama lita 10,000 kwa siku. Pampu ya lita 14,000 inaitosha na akiba kidogo inabaki. Ekari nzima ingetaka lita 20,000, hapo pampu hii imeshindwa. Ukiandika "inamwagilia ekari mbili" kwa pampu hii, bwana shamba au mkulima mzoefu atapiga hesabu hiyohiyo kwenye maoni, mbele ya wateja wako wote.

Namba ya nne ni hela. Mama amesema alikuwa akitumia petroli lita 3 kila akimwagilia, mara tatu kwa wiki, yaani lita 9. Tukiiweka petroli Sh 3,000 kwa lita, ni Sh 27,000 kwa wiki. Wiki 14 za msimu ni Sh 378,000. Ongeza oili, plagi na fundi wa injini Sh 42,000, inakuwa Sh 420,000 kwa msimu. Analima misimu miwili kwa mwaka, basi Sh 840,000. Mfumo wake wote, pampu, paneli, kontrola, bomba na simtanki la lita 2,000, tuseme ulimgharimu Sh 2,500,000. Gawanya: ni kama miaka mitatu hela kurudi.

Najua unachowaza. "Miaka mitatu? Nikiandika hivyo nani atanunua? Mwenzangu ameandika inalipa msimu mmoja." Mwache aandike. Mkulima anajua petroli anayonunua, atakaa chini na kalamu. Akikuta hesabu yako inafanana na daftari lake, anakuamini mpaka kwenye mambo asiyoweza kuyapima mwenyewe.

Hela ya mavuno usiiguse

Huu ni mtego mkubwa. Mama anaweza kukwambia, "Mwaka huu nimeuza vitunguu milioni tatu, mwaka jana milioni moja na nusu." Mkono unawasha, unataka kuandika: "Pampu yetu imeongeza kipato mara mbili!" Usiandike.

Bei ya kitunguu inapanda na kushuka bila kuiuliza pampu yako. Labda mwaka jana soko lilijaa. Labda mwaka huu alitumia mbegu nyingine, au alivuna wakati wenzake hawana mzigo. Pampu imeleta maji tu. Taja kile ambacho pampu imefanya moja kwa moja: petroli isiyonunuliwa, mtu asiyeshuka kisimani, saa zilizookolewa. Ukiahidi mavuno, mwakani bei ikianguka mteja mpya atakudai wewe. Na kijijini deni la jina halilipiki kirahisi.

Vilevile linganisha vitu vinavyolingana. Petroli ya Septemba ya mwaka jana linganisha na Septemba ya mwaka huu. Ukilinganisha Septemba na Aprili, unaisifia mvua.

Taja tatizo

Sasa turudi kwenye lile swali la tatu. Tuseme mama anajibu: "Mwanzoni nilikasirika. Maji yanakuja polepole, nilizoea kufungulia mfereji unajaa mara moja. Na Oktoba pampu ilikuwa inazima yenyewe saa nane, nikajua imekufa."

Mafundi wengi wanafuta sehemu hii. Mimi nasema ndiyo sehemu inayouza, na ndiyo inayokuokoa na simu za malalamiko. Maji yanakuja polepole kwa sababu pampu ya petroli inatoa mengi kwa saa mbili, ya sola inatoa kidogo kidogo siku nzima. Kwa hiyo mfereji mrefu hauendani nayo. Mama alibadilisha, akaligawa shamba vipande sita, kila siku anamwagilia kipande kimoja kwa mpira kutoka kwenye simtanki. Na ile kuzima saa nane si ubovu. Kisima kilikuwa kinaishiwa maji, na kihisi cha ukavu kikaizima pampu isiungue. Baada ya saa moja maji yanarudi, inawaka tena. Hiyo ina maana kwamba Oktoba hapati lita 14,000, anapata pungufu, na kuongeza paneli hakusaidii. Kinachohitajika ni kuchimba kisima zaidi.

Msomaji mwenye kisima kinachokauka kila Oktoba akisoma hapo atajua kwamba kwanza aongeze kina. Ndiyo, huyo leo hujamuuzia. Lakini ungemuuzia, mwezi wa kumi angekuwa mlangoni kwako na wazee wawili. Nani anataka mteja huyo?

Kabla ya kuposti, omba ruhusa yenye maelezo

Usiseme tu "mama naweza kukuposti?" Mwambie unaposti wapi, utaandika nini, na umsomee. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Jina, sura na mahali mtu anapokaa ni mali yake, si yako kwa sababu ulimfungia pampu.

Kuna na sababu za mtaani kabisa. Paneli zinaibiwa. Ukiposti picha ya paneli zikiwa shambani, ukataja kijiji, jina la mwenye shamba, na kwamba anaishi na mjukuu tu, umewachorea wezi ramani. Taja ukanda, acha kijiji. Piga picha ya ndoo inayojaa na kisima kilichofunikwa, acha barabara na nyumba. Na kama maji yanavutwa mtoni badala ya kisimani, muulize kwanza kama ana kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Kama hana, msaidie akiombe kwanza, usimtangaze.

Kisa chenyewe kinakaa hivi

Ukimaliza kuuliza na kupima, kuandika ni rahisi. Mstari wa kwanza ni hali ya zamani kwa maneno ya mteja. Kisha ulichofunga na kwa nini, kisha namba, kisha tatizo, kisha anayefaa na asiyefaa. Tazama:

*"Kiangazi mjukuu wangu alikuwa anaiwasha pampu ndani ya kisima. Siku moja alitoka anapepesuka."*

*Huyu ni mama mkulima wa vitunguu, nusu ekari, ukanda wa Ruaha Mbuyuni. Kisima chake maji yako mita 6 mwezi wa tano na mita 9 mwezi wa kumi. Pampu ya petroli ya juu haikuweza tena, wakawa wanaishusha shimoni. Moshi wa injini shimoni unaua.*

*Tulimfungia pampu ya sola inayozama majini, paneli mbili na simtanki la lita 2,000. Hakuna injini, hakuna mtu anayeshuka. Tumepima kwa ndoo: siku ya jua zuri ni kama lita 14,000. Zinatosha nusu ekari. Ekari nzima hazitoshi.*

*Petroli alikuwa anatumia kama Sh 27,000 kwa wiki. Sasa hanunui. Gharama yote ilikuwa Sh 2,500,000, itarudi kwa miaka kama mitatu.*

*Kilichomsumbua: maji yanakuja polepole kuliko ya petroli, ikabidi agawe shamba vipande sita. Na mwezi wa kumi kisima kinapungua, pampu inajizima kwa muda.*

*"Jirani akiniuliza namwambia, pima kisima chako mwezi wa kumi ndiyo ulipe." Tutumie kina cha kisima chako na ukubwa wa shamba, tukwambie kama inakufaa.*

Basi. Dakika moja ya kusoma. Angalia na mwisho wake: hakuna "karibuni sana wateja wetu wapendwa". Kuna vitu viwili anavyotakiwa kukutumia. Anayekuja inboksi na kina cha kisima mkononi ni tofauti sana na anayeandika "bei gani".

Na maneno ya mteja usiyanyooshe. "Alitoka anapepesuka" usiigeuze "alipata changamoto za kiafya". Mkulima mwenzake akisoma changamoto za kiafya anajua hapo ameongea fundi, si mama.

Visa vitatu vya namna hii kwa mwaka vinatosha: mmoja mwenye kisima kifupi, mmoja mwenye kirefu, mmoja anayevuta mtoni. Anayeuliza unamtumia kile kinachofanana na shamba lake. Zile skrinishoti nyingine zihifadhi, siku moja utapitia tena na kukuta neno linaloshangaza ambalo hukuliuliza.

Fundi unayesoma hapa, mteja wako mmoja aliandika neno gani ambalo hukulielewa vizuri? Liweke kwenye maoni bila jina lake, tusaidiane cha kumuuliza.